Sijui ya kutojua na sijui ya adabu

Muulize Mfaransa kituo cha basi kilipo. Kama hakijui kweli, huenda akatamka polepole, "zhe ne se pa", na kuongeza sababu: yeye ni mgeni hapo. Lakini rafiki akimuuliza wale nini jioni, sentensi hiyohiyo husagika ikawa "shepa", mabega yakapanda. Hapo anamwachia mwenzake achague. Waingereza hufika mbali zaidi: hubaki mguno wa puani wenye sauti tatu, midomo imefumbwa.

Kwetu "sijui" hubadilishwa na nafasi yake. "Sijui unaweza kunisaidia?" ni ombi la heshima, tena zuri sana. "Kanunua sijui vitunguu, sijui nyanya" huonyesha kwamba msemaji haoni haja ya kuikamilisha orodha.