Mfalme Anayezunguka Pembetatu

Kete 5 tu zilikuwa zimebaki ubaoni, na mimi ndiye niliyekuwa na askari mmoja zaidi. Mfalme wangu mweupe alikuwa d5, askari wangu a5 na c6. Mwenzangu alibakiwa na mfalme mweusi c8 na askari wake a6. Kwa asiyezoea kusoma ubao wa chesi, safu huitwa a hadi h kuanzia kushoto kwa mwenye nyeupe, na mistari huhesabiwa 1 hadi 8 kutoka kwake kwenda mbele. Pangeni kete hizo kama mna ubao karibu, maana mambo yote yako hapo.

Zamu ilikuwa yangu. Nikampeleka mfalme d6, naye akaja d8. Nikamsukuma askari hadi c7, mfalme wake akatishiwa, akarudi c8. Sasa askari wangu wa c7 alikuwa analindwa na mfalme peke yake, na mahali pekee ambapo mfalme angeweza kwenda bila kumwacha ni c6. Nikaenda c6. Mwenzangu akatazama, akacheka, akaninyooshea mkono: "Sare, kaka."

Kweli. Mfalme wake hakuwa anatishiwa, lakini kila mraba wa jirani ulikuwa unalindwa, na askari wake wa a6 amezibwa na wangu wa a5. Kwenye drafti mtu aliyekosa pa kusogea ameshindwa. Kwenye chesi sheria ni nyingine: kukosa mwendo bila mfalme kutishiwa ni sare, na waliookolewa na sheria hiyo ni wengi.

Mchezo huo nilikuwa nimeushinda, na sikujua. Kilichonishinda ni kwamba zamu ilikuwa yangu. Ingekuwa yake, kete zikiwa pale pale, asingepona. Tazameni. Akienda d8, naenda d6, wafalme wanatazamana uso kwa uso kukiwa na mraba mmoja katikati, na ni yeye wa kuondoka. Akirudi c8 nasukuma askari c7, na hapo mfalme wake hana pa kwenda ila b7. Naingia d7, na hatua inayofuata askari anageuka malkia. Akikimbilia e8, askari anapita hivyo hivyo. Na kama badala ya d8 angeanza kwa c7, naenda c5. Lazima aondoke tena, mimi naingia b6, na askari wake wa a6 ni wangu.

Kutazamana huko kwa wafalme ndiko wachezaji wanakokuita makabiliano, na kanuni yake inawachanganya wanaoanza: anayelazimika kusogea ndiye anayepoteza. Katika chesi huruhusiwi kusema "napita". Basi shida yangu ilikuwa moja: nimwachie mwenzangu zamu bila kubadilisha chochote ubaoni. Nipoteze hatua moja.

Dawa yake ina zaidi ya miaka 100. Hali hii hii ya kete 5 inajulikana vitabuni kwa majina ya Hans Fahrni wa Uswisi na Simon Alapin wa Urusi, mabingwa wa mwanzoni mwa karne ya 20. Fahrni huyo mwaka 1911, mjini Munich, alicheza na watu 100 kwa wakati mmoja, akipita ubao hadi ubao. Nafurahi kwamba mtu mwenye haraka kiasi hicho anakumbukwa pia kwa hatua ya kupoteza.

Mfalme mweupe anatoka d5 anarudi c4, yaani anaelekea nyuma. Halafu anakwenda d4, halafu anapanda d5 alipotoka. Ni hatua 3, na njia yake ni pembetatu ndogo. Mweusi naye amesogea mara 2, ila yeye hawezi kurudi alipokuwa akiwa na zamu ya kupumzika.

Kwa nini hawezi? Hapa ndipo penye utamu, na panahitaji subira kidogo. Kila mraba wa mfalme wangu una jibu lake upande wa pili. Nikifika d6, yeye sharti awe d8. Nikifika c5, sharti awe c7, la sivyo naingia b6. Nikiwa d5 naweza kwenda kokote kati ya hizo mbili, kwa hiyo yeye anapaswa kuwa mahali panapogusa d8 na c7 kwa pamoja: ni c8. Hadi hapo ana jibu la kila kitu. Lakini nikiwa c4, natishia kwenda c5 au d5, hivyo lazima akae mahali panapogusa c7 na c8: ni b8 au d8. Na nikiwa d4 natishia hayo hayo, majibu yake ni yale yale, b8 au d8.

Basi naenda c4, tuseme anajibu d8. Naenda d4. Anatakiwa tena awe d8 au b8. Kukaa alipo hakuruhusiwi, na b8 iko mbali, haifikiki kwa hatua moja. Mimi nina miraba miwili inayogusana, yeye anayo miwili iliyotengana, na kati yake kuna c8. Anakwenda c8 kwa kukosa namna. Napanda d5. Ubao ni ule ule wa mwanzo, ila zamu sasa ni yake. Angechagua b8 badala ya d8, mambo yangekuwa yale yale. Angejaribu c7 wakati wowote mimi nikiwa c4 au d4, ningeenda c5 moja kwa moja.

Askari wangu wa c6 ndiye mhalifu wa kimyakimya. Anaulinda mraba wa d7 na wa b7, akimwachia mfalme mweusi ukanda mwembamba wa kutembea. Mfalme mwenye uwanja mpana anaweza kuzunguka, aliyebanwa ukutani hawezi. Ukiona hali ambayo ungeshinda kama zamu ingekuwa ya mwenzako, tazama kwanza nani ana nafasi nyuma yake. Farasi, kwa mfano, hawezi kabisa kazi hii hata apewe ubao mzima: kila anaporuka hubadilisha rangi ya mraba, kwa hiyo kurudi alipotoka humgharimu daima hatua shufwa, 2, 4, 6. Mfalme anaweza kurudi kwa 2 au kwa 3, na katika tofauti hiyo ndimo hatua inamopotelea.

Hila hii inategemea pia askari wote wawe wamefungwa. Kukiwa na askari mmoja mwenye hatua ya akiba, hesabu yote inavunjika, maana mwenye akiba hupoteza zamu kwa kumsukuma tu. Mwenzangu ndiye aliyenionyesha hilo tulipokuwa tunarudisha kete nyuma. Akamchukua askari wangu wa a5, akamrudisha a4, kila kitu kingine kikabaki palepale, mfalme wangu d5 na wake c8. "Hapa ungehitaji kuzunguka?" akaniuliza. Nisingehitaji. Ningemsogeza a5 na zamu ingekuwa yake. Na hatua chache kabla, bila mtu kunilazimisha, nilikuwa nimemtoa a4 kwa mkono wangu mwenyewe.