Paragrafu moja juu ya Likasi ya 1992: namna ya kusema teori mbili bila kumwonea mtu

Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja wa hapa Panda, anayemaliza lisansi katika sayansi ya siasa, aliniletea shapitre ya pili ya memwari yake. Akaniambia: "Yaya, promotere ameandika pembeni neno moja tu: partiale. Sielewi, mimi nimeweka teori mbili kama alivyoomba." Nikasoma. Kweli teori zilikuwa mbili. Lakini moja alikuwa ameileta juu ya kuipiga tu.

Memwari yenyewe inauliza swali ambalo kila nyumba ya Likasi inalijua: kwa nini mwaka 1992 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika mji huu, maelfu wakalala kwenye stasioni ya treni na katika masomo wakingojea mabehewa, wakati watu hao na Wakatanga walikuwa wamekaa pamoja katika makambi ya Gécamines tangu wakati wa mababu? Memwari anaandika kwa Kifaransa, sawa na wote. Hapa ninaweka paragrafu yake kwa Kiswahili, ameniruhusu:

"Watu wengi wanasema fujo ya 1992 ilitokana na chuki ya makabila. Teori hii ni ya zamani na haina nguvu, kwa sababu Wakasai na Wakatanga waliishi pamoja miaka mingi. Ukweli ni kwamba wanasiasa ndio waliochochea. Gavana alihutubia, vijana wakamfuata. Kwa hiyo teori ya wanasiasa inaeleza vizuri zaidi."

Mtu akisoma mbio ataona ni sawa tu, na pengine hata hukumu ya mwisho si mbaya. Ubaya uko katika njia. Angalia mstari wa kwanza: "watu wengi wanasema". Watu gani? Hakuna mtafiti wa maana leo anayesema kwamba makabila yanachukiana tangu kuumbwa kwa dunia na basi. Mdogo wetu amejitengenezea adui wa majani, akamchoma moto katika mstari wa pili, akapita. Teori ya kwanza haikupata hata sentensi moja ya kujieleza, imekatwa mdomo ndani ya sentensi ileile iliyoitaja. Ya pili imepewa kila kitu: watu wanaotenda, kitendo, na neno "ukweli". Promotere ana haki.

Kazi ya kwanza basi haikuwa kubadilisha maneno. Ilikuwa kutafuta mpinzani wa kweli. Na yuko. Ni teori ya ushindani: watu hawapigani juu ya kabila lenyewe, wanapigana juu ya kazi, nyumba na cheo, na kabila linakuwa mstari wa kugawanya pale ambapo kazi zenyewe ziligawanywa hivyo tangu mwanzo. Kwetu ina historia nzito. Union Minière ilianza kuleta wafanyakazi kutoka Kasai kwa nguvu katika miaka ya 1920, reli ikaunganisha Katanga na Kasai, na wengi wao waliosoma wakaingia katika kazi za ofisi na za ufundi. Wakati wa uchaguzi wa kwanza wa mijini, Desemba 1957, Élisabethville na Jadotville (ndiyo Likasi yetu), manung'uniko ya "wenyeji" na "wageni" yalitoka wazi, na mwaka uliofuata CONAKAT ikazaliwa. Halafu keki ikapungua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka. Mwaka 1993 kampuni haikufika hata tani 50,000. Katika mji kama wetu, ambapo mshahara, unga, hospitali na masomo vyote vilitoka kwa mwajiri mmoja, hesabu ya nani abaki na nani aende si mchezo.

Unaona? Sasa huyu ni mpinzani anayeweza kukuangusha.

Teori ya pili nayo inastahili kuelezwa kwa namna yake, si kwa "walichochea" tu. Inasema hivi: utofauti upo kila siku, lakini haugeuki kuwa fujo mpaka viongozi wenye faida ndani yake waamue kuuamsha, na wawe na chombo cha kufanyia. Mwaka 1991 UFERI ya Nguz Karl-i-Bond na UDPS ya Tshisekedi zilikuwa pamoja katika Union sacrée, upinzani mmoja mbele ya Mobutu. Novemba mwaka uleule Nguz akakubali kuwa waziri mkuu wa Mobutu, na Kyungu wa Kumwanza akawa gavana wa Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule. Tarehe 15 Agosti 1992 Konferansi ya Taifa ikamchagua Tshisekedi, mtu wa Kasai, kushika kiti cha Nguz. Ni baada ya hapo fujo ilipolipuka Likasi, vijana wa JUFERI wakiwa mbele.

Nilimwambia mdogo wetu afanye jaribio moja kabla ya kuhukumu. Asome sentensi za kila teori kwa mtu anayeiamini, amuulize: "Unaweza kutia sahihi hapa?" Alikwenda kwa mzee mmoja jirani, fundi wa zamani wa Shituru, akamsomea ile nusu ya ushindani. Mzee akasema: "Apa njo wamesema vile tuliona. Paka neno 'wivu' utoshe, haikukuwa wivu, ilikuwa njaa." Neno likatoka. Kwangu mimi hiyo ilikuwa sahihisho bora kuliko yangu yote.

Sasa hukumu. Hapa ndipo wengi wetu tulipotea tulipokuwa kwenye banki za univasite. Tunachukua ushahidi unaopatana na teori tunayoipenda, tunasema imeshinda. Lakini hotuba ya gavana haiamui kitu kati ya hizi mbili. Mwenye teori ya wanasiasa atasema: umeona, aliwasha moto. Mwenye teori ya ushindani atajibu: alisema yale watu walikuwa tayari wanataka kusikia, la sivyo nani angemfuata? Ushahidi unaokubaliwa na pande zote mbili hautenganishi. Lazima utafute mahali ambapo teori mbili zinatazamia mambo tofauti, ukaangalie ni nini kilitokea kweli.

Tulipata mahali pawili. La kwanza ni wakati. Kama ushindani peke yake ulitosha, fujo ingepanda polepole pamoja na kushuka kwa shaba, na ingeanza kuonekana 1990 au 1991. Lakini katika 1991 vyama vya pande mbili vilikuwa bado vinakaa meza moja, na shaba ilikuwa tayari inaanguka. Fujo kubwa ilifuata kalenda ya Kinshasa, haikufuata kalenda ya mgodi. Hapo wanasiasa wanashinda.

La pili ni mahali, na hapa mdogo wetu hakupenda. Gavana alikaa Lubumbashi. Kama neno la viongozi peke yake lilitosha, Lubumbashi ingekuwa ya kwanza kuwaka. Lakini kufukuza watu kwa wingi kulikuwa kuzito zaidi Likasi, na kuanzia Machi 1993 Kolwezi, miji inayoishi kwa mwajiri mmoja. Hapo ushindani unashinda. Si ushindi safi, kwa sababu Lubumbashi nayo ilikuwa na kiwanda cha Gécamines. Ila ilikuwa na mengine pia: biashara, ofisi za serikali, univasite. Mtu aliyekosa kazi kule alikuwa na mlango mwingine wa kugonga.

"Basi niandike zote mbili ni za kweli?" akaniuliza. Hapana. Hiyo ni kukimbia, na juri itakushika. Rudia swali lako la memwari. Ulisema: kwa nini fujo ililipuka mwaka 1992? Hilo ni swali la wakati. Hukumu inafuata swali. Kama ungeuliza kwa nini Likasi na si Lubumbashi, hukumu ingegeuka. Siku tatu baadaye akarudi na hii:

"Teori ya ushindani inaeleza fujo ya 1992 kwa mgawanyo wa kazi ulioanza na Union Minière: watu wa asili ya Kasai walipata sehemu kubwa ya kazi za ofisi na za ufundi, na uzalishaji wa Gécamines ulipoanguka, asili ya mtu ikawa kipimo cha nani abaki. Teori ya wanasiasa inaeleza fujo hiyohiyo kwa kupasuka kwa Union sacrée: viongozi wa UFERI, walipopoteza kiti cha waziri mkuu kwa Tshisekedi, walikuwa na faida ya kuamsha utofauti huo na walikuwa na JUFERI ya kufanyia. Hotuba za wakati ule zinapatana na teori zote mbili. Wakati wa fujo unazitenganisha: shaba ilianguka tangu 1990, lakini fujo kubwa ilingojea Agosti 1992. Kwa swali la wakati, teori ya wanasiasa inaeleza vizuri zaidi. Haielezi kwa nini mwito wao uliitikiwa zaidi Likasi na Kolwezi kuliko Lubumbashi, ambako gavana alikaa. Kwa hilo ushindani wa kazi unabaki na nguvu."

Angalia vitendo vyake: "inaeleza" na "inaeleza". Kwanza alikuwa ameandika "inadai" kwa ushindani na "inaonyesha" kwa wanasiasa, na hakujua kabisa. Nilimwomba apige mstari chini ya kila kitendo, akacheka mwenyewe. Angalia tena neno "lakini": halitokei kabla teori zote mbili hazijamaliza kusema.

Kuna jambo moja hatukulimaliza. Babu yake alilala stasioni wiki tatu, na mdogo wetu alitaka ushuhuda huo uingie katika paragrafu hii. Nikamwambia hapana, si hapa. Ushuhuda wa babu unaeleza kwa uzito mkubwa ni nini kilitendeka, ila hausemi ni teori gani ina haki, maana babu angelala pale kwa sababu yoyote kati ya hizo mbili. Auweke katika shapitre ya kwanza, kurasa nzima kama anataka. Hakufurahi. Alisema atauliza kwanza nyumbani.