Kilemba cha Kraft Heinz

Mfanyabiashara anayetafuta fremu Kariakoo, Dar es Salaam, huulizwa mambo mawili: ataweza kodi ya kiasi gani, na ana kilemba? Kilemba ni fedha anayolipwa aliyetangulia ili aondoke na kuacha nyuma kitu kisichobebeka, yaani wateja waliokwisha kuzoea mlango ule. Wenzao wa Nairobi huiita gudwili. Fedha hiyo haionekani kwenye rafu wala haina risiti ya kiwandani, lakini kila aliyelipa anajua amenunua nini. Siku kituo cha mabasi kikihamishwa na wapita njia wakafuata njia nyingine, rafu zitabaki pale pale na kilemba kitakuwa kimekwenda.

Makampuni makubwa nayo hulipa kilemba, kwa mabilioni, na sheria za uhasibu zinayataka yakiandike katika mizania kama mali. Kinapopungua thamani, yanatakiwa yakubali hasara hadharani. Ndivyo ilivyotokea jioni ya tarehe 21 Februari 2019, pale Kraft Heinz ya Marekani, inayotengeneza tomato sosi ya Heinz, jibini za Kraft na soseji za Oscar Mayer, ilipotangaza kwamba imefuta dola bilioni 15.4 katika thamani ya mali zake. Kesho yake hisa ya kampuni ilishuka kwa takriban asilimia 27 kwa siku moja, kutoka dola 48 hadi chini kidogo ya 35.

Hakuna ghala lililoungua, na hakuna mtu aliyetoroka na fedha. Basi dola hizo bilioni 15 zilikuwa wapi kabla ya jioni ile?

Zilianzia mwaka 2015. Kampuni ya Heinz, iliyokuwa mikononi mwa wawekezaji wa 3G Capital pamoja na Berkshire Hathaway ya Warren Buffett, iliungana na Kraft. Katika ununuzi wa namna hii wahasibu huanza kwa kupima kila kitu kinachoweza kutajwa kwa jina lake: majengo, mitambo, shehena, madeni, hata thamani ya nembo zenyewe. Bei iliyolipwa ikizidi jumla ya hivyo vyote, ziada huandikwa kama gudwili. Ni malipo ya matumaini kwamba biashara mbili zikiwa pamoja zitaleta fedha nyingi kuliko vipande vyake. Ikumbukwe kwamba kilemba huandikwa pale tu kinaponunuliwa. Kampuni iliyojijengea jina nyumbani kwa miaka 100 haliandiki jina hilo kama mali. Anayekuja kuinunua ndiye ataliandika.

Mwisho wa mwaka 2017 mizania ya Kraft Heinz ilionyesha mali za takriban dola bilioni 120. Kati ya hizo, gudwili ilikuwa karibu bilioni 45, na nembo pamoja na mali nyingine zisizoshikika karibu bilioni 59. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa kabisa ya kampuni ile ya chakula haikuwa viwanda wala majokofu. Ilikuwa ni imani kwamba Wamarekani wataendelea kuchagua jibini lenye jina la Kraft na kulilipia zaidi.

Mashine hupunguzwa thamani kila mwaka kwa ajili ya uchakavu, iwe imefanya kazi au imelala. Gudwili haiguswi hivyo. Zamani Marekani iligawanywa na kufutwa kidogo kidogo, kwa muda uliofika hata miaka 40, lakini tangu miaka ya mwanzo ya 2000 makampuni ya soko la hisa, huko na chini ya kanuni za kimataifa zinazotumika pia Kenya na Tanzania, huipima tu. Angalau mara moja kwa mwaka kampuni hujiuliza: biashara tuliyoinunua bado ina thamani ya kile tulichokiandika? Ikiwa nayo, tarakimu inabaki ilivyo. Ikiwa haina, tofauti yote huondolewa mara moja na kuhesabiwa kama hasara ya mwaka huo, na gudwili iliyokwisha kufutwa hairudishwi hata biashara ikichangamka tena.

Hapa ndipo penye siri ya ghafla yake, na mfano mdogo wa kubuni utasaidia. Kampuni moja inanunua kiwanda cha mikate kwa shilingi milioni 1,000. Tanuri, magari na jengo, baada ya kutoa madeni, vina thamani ya milioni 400, hivyo gudwili ni milioni 600. Kiwanda kinaleta fedha taslimu milioni 80 kwa mwaka. Mnunuzi anataka faida ya asilimia 10 kwa mwaka na anaamini fedha hiyo itakua kwa asilimia 2. Njia rahisi ya kukadiria thamani ni kugawanya 80 kwa tofauti ya viwango hivyo viwili, yaani asilimia 8, na jibu ni 1,000. Bei ilikuwa sawa kabisa.

Miaka mitatu baadaye mwokaji mpya amefungua mtaa wa pili. Fedha imeshuka kutoka milioni 80 hadi 72, matumaini ya ukuaji yamebaki asilimia 1, na kwa kuwa riba zimepanda, mwekezaji sasa anataka asilimia 11. Gawanya 72 kwa asilimia 10, upate 720. Tanuri na magari bado yana thamani ya milioni 400, kwa hiyo pengo la milioni 280 linaangukia gudwili, nayo inabaki 320. Mapato yamepungua kwa asilimia 10 tu, lakini thamani imepungua kwa asilimia 28, kwa sababu thamani hubeba miaka yote ijayo kwa mkupuo. Mtu anayetazama mikate ikitoka tanurini asubuhi hataona mabadiliko makubwa kiasi hicho.

Mfano huo unaonyesha pia udhaifu wa kipimo. Kiwango cha ukuaji na kiwango cha faida inayotakiwa huchaguliwa na menejimenti, kisha wakaguzi huvihoji. Menejimenti iliyosaini ununuzi haina haraka ya kukiri kwamba ililipa kupita kiasi, na kubadilisha asilimia moja ya matumaini kwenye jedwali kunatosha kuahirisha habari mbaya kwa mwaka mzima. Ndiyo maana hasara hizi huchelewa, kisha hufika zikiwa kubwa.

Kwa Kraft Heinz, kufuta kule kuligusa zaidi kitengo cha vyakula vya baridi cha Marekani na biashara ya rejareja ya Kanada, pamoja na nembo za Kraft na Oscar Mayer zenyewe. Wanunuzi walikuwa wakihamia vyakula visivyosindikwa sana, na maduka makubwa yalikuwa yakiuza bidhaa zenye majina yao wenyewe kwa bei ya chini. 3G nao walikuwa wamejijengea sifa ya kubana matumizi bila huruma. Ubanaji huo uliongeza faida miaka ya mwanzo, lakini jina la chakula hulishwa kwa matangazo na bidhaa mpya, na jina lisilolishwa hudhoofika.

Soko lilikuwa limekwisha kuliona hilo. Mapema mwaka 2017 hisa moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 90. Mwisho wa Desemba 2018 ilikuwa takriban dola 43, na kwa hisa zipatazo bilioni 1.22, kampuni nzima ilithaminiwa sokoni kama dola bilioni 52. Wakati huohuo, vitabu vya mwisho wa 2017 vilikuwa vikidai kwamba mtaji wa wanahisa ni bilioni 66. Kanuni za kimataifa za uhasibu zinaitaja hali hiyo waziwazi kuwa dalili ya mali kupungua thamani: soko linaithamini kampuni chini ya kile kilichoandikwa mizaniani. Baada ya kufuta, mtaji ulisomeka takriban bilioni 52. Vitabu vilikuwa vimelifikia soko.

Kama ilikuwa habari ya zamani, kwa nini hisa ikaanguka tena asilimia 27? Jibu limo katika mambo yaliyotangazwa sambamba nayo, na hapo ndipo mwekezaji anapaswa kutulia asome. Gawio la robo mwaka lilikatwa kutoka senti 62.5 hadi 40. Kampuni ilikuwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 30, na deni, tofauti na gudwili, halifutwi kwa kalamu ya mhasibu. Iliarifu pia kwamba mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani inachunguza hesabu za idara yake ya manunuzi. Shauri hilo lilimalizika mwaka 2021 kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 62. Kufuta gudwili hakuhitaji fedha taslimu, kwa sababu fedha ilitoka 2015. Kukata gawio ni fedha halisi inayokosekana mfukoni mwa mwanahisa, na kunaonyesha kwamba makadirio mapya yaliyofuta gudwili ndiyo ambayo menejimenti yenyewe sasa inayaamini.

Buffett, ambaye kampuni yake ilimiliki zaidi ya robo ya Kraft Heinz, alikiri katika televisheni siku chache baadaye kwamba walilipa kupita kiasi kwa Kraft. Maelezo yake yanafaa kusikilizwa na yeyote mwenye hisa, iwe Nairobi au Dar es Salaam. Biashara ile, alieleza, ilikuwa ikipata takriban dola bilioni 6 kabla ya kodi kwa kutumia mali zinazoshikika za kama bilioni 7 tu, jambo ambalo kampuni nyingi zingelitamani. Lakini biashara haijui mnunuzi alitoa kiasi gani. Inaleta kile inacholeta, na aliyelipa kupita kiasi hubaki na hasara hata kama viwanda vinafanya kazi vizuri.

Kwa mwenye ripoti ya mwaka mkononi, mahali pa kufungua ni maelezo ya hesabu yanayohusu gudwili. Humo kampuni hutaja kiwango cha ukuaji na cha faida ilivyovitumia, na mara nyingine hueleza ni badiliko dogo kiasi gani lingetosha kuleta hasara. Inayotabiri ukuaji wa asilimia 5 wakati mauzo yake yameshuka miaka mitatu mfululizo inajidai kitu ambacho vitabu vyake vyenyewe vinakikanusha. Linganisha pia gudwili na mtaji wa wanahisa: ikiwa gudwili ni kubwa kuliko mtaji wote, ukiiondoa kinachobaki ni madeni.

Jioni ile ya Februari haikuwa mwisho. Kwa dola 35 kwa hisa, soko liliithamini Kraft Heinz karibu dola bilioni 43, bado chini ya bilioni 52 za vitabuni, na katika nusu ya kwanza ya 2019 kampuni ikafuta nyingine zaidi ya bilioni 1. Katikati ya 2025 ilifuta bilioni 9.3 kwa mkupuo mmoja, na katika robo hiyohiyo ya mwaka Berkshire nayo ikapunguza katika vitabu vyake thamani ya hisa ilizokuwa ikishikilia huko tangu siku ya muungano.