Uvira: mvua inanyesha, ardhi inakauka

Tarehe 16 na 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilipiga milima ya Mitumba, na mito inayopita katikati ya Uvira ikashuka na mawe, magogo na matope. Mulongwe, ambao siku za kawaida watoto huuvuka kwa miguu, uliacha mkondo wake ukapitia nyua za watu. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, na familia nyingi zikalala mashuleni na makanisani.

Miezi mitatu baada ya masika kama hayo, mtu akipanda kutoka mjini kuelekea milimani hukuta sura nyingine kabisa. Majani yameungua, udongo umepasuka, na vijito ambavyo wazee wanasema vilikuwa na maji mwaka mzima vimebaki changarawe. Msafiri asiyejua angedhani mji huu una taabu mbili, ya maji kuzidi na ya maji kupungua. Ukweli ni kwamba ni taabu moja: mteremko umepoteza uwezo wa kuyashika maji. Yanayotiririka Aprili ndiyo yanayokosekana Julai.

Hii ndiyo sura ya ujangwa katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Hakuna mchanga unaosogea kutoka mbali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na kuenea kwa jangwa, uliopitishwa Paris mwaka 1994, unaueleza ujangwa kuwa ni kuharibika kwa ardhi katika maeneo makavu, kunakotokana na mabadiliko ya hali ya hewa na shughuli za watu. Ukavu wenyewe hupimwa kwa kulinganisha mvua inayonyesha na maji ambayo jua na upepo vingeweza kuyakausha kwa mwaka. Bonde la Ruzizi, kuanzia Kiliba hadi Sange na Luvungi, hupata kadiri ya milimita 800 hadi 1000 za mvua, lakini jua lake lina uwezo wa kukausha maji mengi kuliko hayo, na kiangazi huchukua miezi minne hivi. Bonde liko ukingoni mwa ukame. Kinacholiokoa ni milima iliyo juu yake, ambayo hupata mvua nyingi zaidi na kuitoa polepole kwa mito. Mlima ukiacha kazi hiyo, bonde linakauka hata kama mvua haijapungua tone moja.

Mlima unaachaje kazi hiyo? Tuufuate mwaka. Kati ya Julai na Septemba moto huwashwa milimani. Mfugaji anataka majani mabichi yachipue, mkulima anasafisha shamba, mwindaji anafukuza panya. Mvua ya kwanza ya Septemba au Oktoba inakuta ardhi iko uchi. Matone makubwa yanapiga udongo moja kwa moja, chembe ndogo zinaziba matundu yake, na juu panafanyika ganda gumu. Tangu hapo maji hayaingii tena, yanateleza.

Mazao nayo yana sehemu yake. Muhogo umekuwa mkombozi wa familia nyingi kwa sababu hukubali hata udongo uliochoka. Lakini kwenye mteremko una kasoro mbili. Miezi mitatu ya kwanza majani yake hayafuniki ardhi, na miezi hiyo ndiyo ya mvua. Wakati wa kuvuna nao shimo hufukuliwa kwa kila shina, udongo ukabaki umelegea. Shamba ambalo zamani lilipumzishwa miaka kadhaa sasa linarudiwa kila msimu, maana watu wameongezeka na vita vimewasukuma wengi kukaa karibu na mji na barabara.

Halafu kuna jiko. Uvira inapika kwa makaa. Tanuri la udongo la kienyeji hula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja tu ya makaa, kwa hiyo kila gunia linaloshuka mjini limeacha mlimani pengo kubwa kuliko linavyoonekana. Kati ya mwaka 1993 na 1996 mzigo huu uliongezeka ghafla, wakati wakimbizi wa Burundi na Rwanda zaidi ya laki mbili walipowekwa kambini kati ya Uvira na Luvungi. Nao walihitaji kuni na nguzo. Miti mingi iliyokatwa wakati huo haikupata nafasi ya kurudi, kwa sababu vichipukizi viliungua kabla ya kufika kimo cha mtu.

Mtu anayetaka kujua kama mteremko wake unaondoka hahitaji maabara. Aangalie mawe madogo baada ya mvua: yakiwa yamesimama juu ya vijiguzo vya udongo, udongo wa pembeni umeshakwenda, na urefu wa vijiguzo ndio kipimo cha kilichopotea. Aangalie shingo za miti: mizizi iliyokuwa chini ikiwa nje, hasara ni ya miaka. Milimita moja ya udongo ikiondoka katika hekta moja, zimeondoka zaidi ya tani 10. Kwa macho milimita hiyo haionekani, ndiyo maana mkulima hulaumu mbegu.

Udongo huo unakwenda wapi? Sehemu inajaza mifereji na mito ya bonde, na mto wenye kitanda kilichojaa hufurika kwa mvua ambayo zamani ungeimeza. Sehemu inafika kwenye maji ya kunywa: Regideso huchota maji ya mji kutoka mto Mulongwe, na maji yenye tope zito ni magumu kusafisha. Hilo si jambo dogo mahali penye kipindupindu. Utafiti wa Uvira uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba siku ambayo maji ya bomba hayakuzalishwa ilifuatiwa, ndani ya siku 12, na ongezeko la zaidi ya maradufu la wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu. Kinachobaki huishia ziwani. Kwenye midomo ya mito, tope hufunika miamba ambamo samaki wadogo wa Tanganyika hula na kuzaa, na tangu miaka ya 1990 wanasayansi wa ziwa hili wamekuwa wakionya kwamba pwani zinazopokea tope jingi zina aina chache za viumbe kuliko zile zilizo chini ya misitu.

Dawa ianzie pale maji yanapoangukia. Chukua hekta moja ya mita 100 kwa 100, yenye mteremko wa asilimia 20. Mvua moja ya milimita 40 inailetea lita 400,000. Ganda likiwa limefanyika na nusu ikateleza, lita 200,000 zinaelekea mjini kutoka hekta hiyo moja. Sasa ichimbie mitaro inayofuata mlalo wa mlima, mmoja kila mita 10, yenye upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 50. Kila mita ya mtaro inashika lita 250. Mitaro 10 ya mita 100 inashika lita 250,000. Maji yote yaliyokuwa yateleze yamebaki shambani, na yana muda wa kuzama.

Siri ni mtaro kuwa sawa kabisa, na kifaa chake ni miti mitatu. Funga miti miwili ya mita 2 ipanuke kama herufi A, weka mti wa tatu katikati, kisha kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha, weka alama pale kamba inapogusa mti wa katikati. Geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Baada ya hapo unatembea na kifaa mlimani, mguu mmoja ukibaki na mwingine ukizunguka, na kila kamba inapotulia katikati unapigilia kijiti. Udongo unaochimbwa utupwe upande wa juu, na tuta lipandwe matete, ambayo mizizi yake hushika udongo na majani yake hulisha mbuzi. Ndani ya mtaro acha vizuizi kila baada ya mita chache. Mstari ukikosewa kidogo bila vizuizi, maji yote hukusanyika sehemu ya chini, yanapasua ukingo wa mtaro, na mtaro uliokusudiwa kuokoa shamba unazaa korongo.

Kazi hii ina bei. Mitaro hiyo ni mita za ujazo 250. Mtu mwenye jembe na sururu akichimba mita za ujazo 2 kwa siku, ni siku 125, na baada ya kila masika lazima tope lizolewe. Wazee wa Kivu wanaikumbuka kazi hiyo kwa uchungu. Katika miaka ya 1950 utawala wa Kibelgiji uliwalazimisha watu kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, na baada ya uhuru wa mwaka 1960 mingi ikaachwa ijae. Mwenye mikono michache anaweza kuanza na mistari ya majani yenye upana wa mita moja kwenye vijiti vilevile, bila kuchimba. Majani hayashiki maji kama mtaro, ila yanapunguza kasi na kuchuja udongo, na ngazi zinajijenga zenyewe mwaka hadi mwaka.

Tena si kila mlima unafaa kuchimbwa. Juu ya Uvira kuna miteremko mikali sana inayosogea yenyewe, kwa kuwa tuko katika Bonde la Ufa. Ukiona nyufa zenye umbo la mwezi mchanga, au miti yote imeinama upande mmoja, usichimbe mtaro hapo: maji unayoyazamisha yatailainisha ardhi, na kipande kizima kitashuka. Mahali hapo, na popote mteremko unapozidi asilimia 60 hivi, jembe liondoke na miti irudi.

Kurudisha miti hakuhitaji miche sikuzote. Shinyanga, Tanzania, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili: kipande cha malisho kinafungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Hekta 600 hivi za mwanzo zilizidi 300,000 kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, sehemu kubwa kwa visiki vilivyochipua baada ya kupumzishwa. Shinyanga ni tambarare kuliko Mitumba, lakini kanuni ni ileile: mfugaji ajue lini na wapi, moto uzuiwe, na kila kisiki kiachiwe machipukizi mawili au matatu yenye nguvu.

Ngitili ilifaulu kwa sehemu kwa sababu kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Uvira, sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inaifanya ardhi kuwa mali ya Serikali, huku mashamba ya mlimani yakigawiwa kwa mila na kukodishwa msimu kwa msimu. Mkulima aliyekodi kwa msimu mmoja hawezi kuchimba siku 125 kwa ajili ya udongo atakaoupata mwingine, na hakuna semina itakayombadilisha mawazo, kwa sababu hesabu yake ni sahihi. Kwa hiyo hatua ya kwanza isiyo na gharama kubwa ni karatasi: mkataba wa kukodi wa miaka mitano au zaidi, mbele ya chifu na mashahidi, unaosema kwamba anayechimba mtaro anapunguziwa kodi na hafukuzwi kabla ya muda. Karatasi hiyo ikisainiwa Juni, vijiti vinapigiliwa Julai, na mvua ya Septemba inakuta mistari ya kwanza imeshachimbwa.