Dokezo la Kuomba Idhini ya Safari ya Kikazi

Katika sura iliyotangulia tuliichambua barua rasmi, tukaona jinsi anwani, mtajo na kimalizio vinavyobeba heshima baina ya mwandishi na msomaji wasiofanya kazi chini ya paa moja. Dokezo la ndani halihitaji mapambo hayo. Huandikwa na mtumishi kwa mkubwa wake katika taasisi ile ile, na mkubwa huyo anajua tayari mwandishi ni nani na anakaa ofisi gani. Kwa hiyo hakuna "Mheshimiwa Bwana" mwanzoni wala "Wako mtiifu" mwishoni. Heshima ya dokezo huonekana katika kutompotezea msomaji wakati.

Miongoni mwa madokezo yote, lile la kuomba idhini ya safari ndilo linalorudishwa mara nyingi zaidi. Sababu yake ni kwamba msomaji anatakiwa kutoa vitu viwili kwa saini moja: fedha za chuo na siku za kazi za watu wake. Kabla ya kutia saini atataka kujua safari ni ya nini, itagharimu kiasi gani, na chuo kitabaki na nini wasafiri watakaporudi. Tutaona hapa kwamba kila swali kati ya hayo lina umbo lake la kisarufi, na kwamba mwandishi anayelikosea umbo hilo hulikosa na jibu.

Tuchukue mfano wa chuo cha ualimu kilichoko Mbale, mashariki mwa Uganda. Mkuu wa Idara ya Kiswahili anataka kuwapeleka wakufunzi wawili Eldoret, Kenya, kwenye warsha ya siku tatu. Viwango vya fedha tulivyovitumia ni vya kielelezo. Mwanafunzi atafute vya chuo chake. Rasimu yake ya kwanza ilisomeka hivi:

"Ningependa kukujulisha kwamba tungepewa nafasi ya kwenda Eldoret tungejifunza mengi. Warsha itakuwa ya siku nne na gharama itakuwa kama milioni moja na kitu. Faida nyingi zitapatikana kwa chuo. Natumaini kibali itatolewa."

Mkuu wa Chuo aliirudisha na maneno matatu pembeni: "Nani atafanya nini?" Rasimu hii haina uongo mkubwa, lakini pia haina ombi. Tuitazame sentensi kwa sentensi.

Kwanza ni kiambishi -nge-. Katika sentensi "tungepewa nafasi tungejifunza", mwandishi anaeleza sharti ambalo yeye mwenyewe haliamini. Msikilizaji wa Kiswahili husikia ndani yake kwamba nafasi haitatolewa. Anayeomba jambo linalowezekana hutumia -ki- katika kishazi cha sharti na -ta- katika kishazi kikuu: "Idhini ikitolewa kabla ya tarehe 5 Juni, tutalipa ada ya warsha kwa wakati." Wanafunzi wengi hudhani kwamba -nge- ni adabu, na katika mazungumzo "ningeomba chai" kweli ni adabu. Katika dokezo la kazi, hata hivyo, kitenzi cha ombi kisimame wazi mwanzoni mwa aya ya kwanza: "Ninaomba idhini".

Pili ni upatanisho. "Kibali itatolewa" ni kosa tunalokutana nalo mara kwa mara kwa waandishi ambao Kiswahili ni lugha yao ya tatu au ya nne, kwani huwa wameizoea ngeli ya I-ZI na kuitumia kwa nomino zote. Kibali kitatolewa, idhini itatolewa, ruhusa itatolewa, makadirio yatawasilishwa. Katika mfano wetu kosa hilo lina uzito wa pekee, maana warsha inayoombewa safari ni ya kufundisha upatanisho.

Tatu ni kauli za kutendwa na kutendeka. "Faida nyingi zitapatikana" ni sentensi sahihi kisarufi, na ndiyo sababu ni hatari. Kitenzi kimemficha mtenda. Nani atazipata faida hizo, lini, na kwa kazi ya nani? Msomaji hawezi kumwita mtu ofisini baada ya miezi mitatu na kumwuliza, "Zile faida ziko wapi?" kwa sababu hakuna aliyeziahidi. Katika aya ya manufaa tunapendekeza kila kitenzi kikuu kiwe na mtenda aliyetajwa na tarehe inayojulikana. Kauli ya kutendwa ibaki pale ambapo mtenda hana umuhimu, kama "mwaliko umeambatishwa".

Hili hapa dokezo baada ya kuandikwa upya:

DOKEZO LA NDANI

Kwa: Mkuu wa Chuo
Kupitia: Naibu Mkuu wa Chuo, Taaluma
Kutoka: Mkuu wa Idara ya Kiswahili
Nakala: Mhasibu
Tarehe: 25 Mei 2026

Yah: OMBI LA IDHINI YA SAFARI YA KIKAZI, ELDORET, TAREHE 16 HADI 19 JUNI 2026

1. Ninaomba idhini ili wakufunzi wawili wa Idara ya Kiswahili wasafiri kwenda Eldoret, Kenya, kuhudhuria warsha ya ufundishaji wa upatanisho wa kisarufi. Wataondoka Jumanne tarehe 16 na kurudi Ijumaa tarehe 19 Juni 2026. Mwaliko umeambatishwa.

2. Madhumuni. Katika jaribio la muhula uliopita, wanachuo 31 kati ya 48 wa mwaka wa pili walikosea upatanisho wa ngeli za KI-VI na U-I. Wakufunzi watakwenda ili wajifunze mbinu za kulirekebisha kosa hilo na wakusanye mazoezi yatakayotumika darasani.

3. Makadirio ya gharama, kwa shilingi za Uganda:
Nauli, kwenda na kurudi, watu 2: 169,600
Malazi, usiku 3, watu 2: 420,000
Posho ya chakula, siku 4, watu 2: 240,000
Ada ya warsha, watu 2: 112,000
Jumla: 941,600 (laki tisa, arobaini na moja elfu, na mia sita)
Chakula cha mchana wakati wa warsha kitatolewa na mwenyeji, na posho imepunguzwa kwa sababu hiyo. Malipo ya Kenya yamebadilishwa kwa kiwango cha shilingi 28 za Uganda kwa shilingi 1 ya Kenya.

4. Manufaa. Kufikia tarehe 3 Julai wakufunzi hao watawasilisha ripoti na kuendesha semina ya siku moja kwa idara nzima. Katika wiki ya kwanza ya muhula ujao watakabidhi kijitabu cha mazoezi 20 ya upatanisho. Mwishoni mwa muhula huo nitawapa wanachuo jaribio lile lile ili tulinganishe matokeo.

5. Vipindi vyao 6 vya wiki hiyo nitavifundisha mimi mwenyewe.

Tulizungumze kidogo fungu la 3, kwa kuwa ndilo mhasibu husoma kwanza, na pengine ndilo pekee analolisoma. Rasimu ya kwanza ilisema "siku nne", kisha mwandishi akazidisha malazi kwa nne. Lakini anayeondoka Jumanne na kurudi Ijumaa hulala nje usiku wa Jumanne, wa Jumatano na wa Alhamisi: usiku tatu tu. Kwa malazi ya shilingi 70,000 kwa mtu mmoja, usiku ule wa ziada ungeongeza 140,000 kwa watu wawili. Mhasibu akiligundua kosa la namna hiyo, ataanza kuvishuku na vipengele vilivyo sahihi. Ndiyo maana dokezo jipya linataja "usiku" kwa malazi na "siku" kwa posho. Nomino mbili, hesabu mbili.

Kisha kuna jumla kwa maneno. Hapa sarufi yenyewe yaweza kumtia mtu hasarani. "Elfu arobaini na moja" ina maana mbili: msomaji mmoja atasikia 41,000, mwingine 40,001, kwa sababu kiunganishi "na" chaweza kuunganisha moja na arobaini au moja na elfu zote. Katika mazungumzo ya sokoni muktadha hutuokoa, lakini katika hati ya fedha muktadha ndio hasa tunaotaka kuuandika. Dawa yake ni ya zamani na ni rahisi: tanguliza idadi kabla ya neno elfu. "Arobaini na moja elfu" haiwezi kuwa 40,001. Wako wanaoiona lugha hii kuwa nzito kidogo. Sisi tunaukubali uzito huo kwa hiari.

Kiwango cha kubadilishia fedha nacho kiandikwe, kama kilivyoandikwa hapo juu. Bei ya shilingi hupanda na kushuka kati ya siku ya kuandika na siku ya kusafiri. Wasafiri wakirudi na stakabadhi zisizolingana na makadirio, kiwango kilichotajwa ndicho kitakachoonyesha kwamba tofauti imetokana na soko. Kasoro ikibaki hata baada ya hesabu hiyo, watatakiwa kuieleza, na ni haki.

Kuhusu fungu la 2, tazama muundo wa "ili" pamoja na hali tegemezi: "ili wajifunze... na wakusanye". Viambishi vya mwisho -e vinaonyesha dhamira, na vitenzi vyote viwili vinabeba kiambishi hicho kwa sababu vyote viwili ni lengo. Kosa la kawaida ni kuandika "ili wajifunze na watakusanya", ambapo kitenzi cha pili kinatoka katika dhamira na kugeuka taarifa. Tazama pia kwamba lengo halikuanzia kwenye warsha. Lilianzia kwenye wanachuo 31 waliokosea. Mkuu wa Chuo hana haja na warsha. Ana haja na wanachuo hao.

Fungu la 5 ni fupi na wengi hulisahau. Bila hilo, Naibu Mkuu anayeshughulikia taaluma, ambaye dokezo linapitia kwake, atalizuia mezani akiuliza nani atafundisha. Neno "Kupitia" si pambo: linamtaja mtu mwenye haki ya kukataa kabla ombi halijafika juu.

La mwisho ni njeo. Dokezo la idhini huandikwa kabla ya safari, na vitenzi vyake vya safari huwa na -ta-. Tumewahi kuona dokezo lililosema "wakufunzi wameondoka na ninaomba idhini". Hilo si ombi la idhini tena, ni ombi la msamaha, na huandikwa kwa namna nyingine kabisa.

Zoezi. Andika dokezo la kuomba idhini ili wewe na mwenzako mwende kuwakagua wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha katika shule mbili za wilaya jirani, mkilala huko usiku mmoja. Andika jumla ya gharama kwa tarakimu na kwa maneno. Kisha pigia mstari kila kitenzi katika aya ya manufaa, na ueleze kando mtenda wake ni nani.