Kodi ya Napoli: Nusu Toni Inayobadili Mwisho wa Wimbo

Mwanakwaya aliyezoea nota za do-re-mi anaujua mwisho wa kawaida wa wimbo wa maina: kodi ya nne, kodi ya tano, kisha nyumbani kwenye la. Tuchukue A maina, ambako la ni A. Kodi ya nne ni re, fa na la, na besi anashika re. Sasa besi na fa wabaki walipo, ila anayeimba la apande nusu toni. Haifikii ti, anatua kwenye ta, yaani B-flati. Re, fa, ta: hiyo ndiyo kodi ya sita ya Napoli.

Inaitwa ya sita kwa sababu kutoka re ya besi hadi ta ni hatua sita. Kwa asili ni kodi ya B-flati meja, iliyopinduliwa ili noti yake ya katikati iwe chini. Jina la Napoli limetokana na watunzi wa opera wa mji huo wa Italia, akiwemo Alessandro Scarlatti, ingawa Corelli huko Roma na Purcell huko Uingereza nao waliitumia.

Bila kushusha ti, tungepata ti, re, fa, kodi nyembamba yenye wasiwasi. Ta inaigeuza kuwa meja kamili, na mwanga unapenya ghafla katikati ya huzuni ya maina. Lakini mwanga huo hautulii. Ta si noti ya skeli hiyo, tena iko nusu toni tu juu ya la, hivyo inalemea chini. Kodi ya tano ikifuata, mi, se, ti, ile ta inashuka hadi se, nusu toni chini ya la. Sikio limesikia jirani wa juu na jirani wa chini wa nyumbani. Kiu ya kuisikia la yenyewe inakuwa kubwa.

Beethoven alifanya hivyo mapema katika Sonata ya Mbalamwezi ya 1801, iliyo katika C-shapu maina. Kwenye baa ya tatu inaingia kodi ya D meja, F-shapu ikiwa kwenye besi. Baa ya nne inapoanza, D imeshuka hadi B-shapu, na C-shapu iliyorukwa inafuata baadaye.

Anayepanga sauti nne arudufu re, si ta. Ta ikiimbwa na wawili, wote huvutwa kwenye se ileile na mwendo wao hugongana. Soprano nao hukosea kuruka kutoka ta hadi se, wakanasa kwenye la. Dawa ni kuweka mi, la, do kabla ya mi, se, ti, besi akiwa amebaki kwenye mi. Soprano ataimba ta, la, se, la, akishuka kwa hatua anazozimudu.