Mzee Whitlock na Hesabu ya Umri

Mwaka 2003, mjini Toronto, Kanada, mzee wa miaka 72 aitwaye Ed Whitlock alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 59 na sekunde 10. Kabla yake hakuna mtu aliyevuka miaka 70 akaweza kuzimaliza kilomita 42 chini ya saa 3. Mwaka uliofuata alirudi akiwa na miaka 73, akakimbia kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Alikuwa amezeeka kwa mwaka mmoja, na muda wake umepungua kwa zaidi ya dakika 4.

Hata hivyo, umri haukumsamehe. Muda wake bora wa marathoni, saa 2 na dakika 31, aliupata akiwa na miaka 48. Kutoka hapo hadi miaka 73 alipunguza kasi kidogo sana, kiasi cha dakika moja kwa mwaka. Alipofika 80 alikimbia kwa saa 3 na dakika 15, yaani alikuwa akipoteza kama dakika 3 kila mwaka. Akiwa na 85 alitumia saa 3 na dakika 56, na hasara ikawa dakika 8 kwa mwaka. Ndivyo kasi inavyoshuka kwa wakimbiaji wengi wanaodumu katika mazoezi: taratibu kwa miaka mingi, kisha kwa ghafla uzeeni.

Sababu kubwa imo moyoni. Idadi ya juu ya mapigo hupungua kama 7 kila miaka 10. Kwa makadirio ya kawaida, kijana wa miaka 30 hufikia mapigo 187 kwa dakika, na mzee wa 70 hufikia 159. Moyo unaopiga mara chache hupeleka damu kidogo, na misuli hupata oksijeni kidogo. Kwa asiyefanya mazoezi, uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka kama asilimia 10 kila miaka 10. Anayeendelea kujituma mazoezini anaweza kupoteza nusu tu ya hiyo. Misuli nayo hupungua, ikianza na nyuzi zile za nguvu za ghafla. Ndiyo maana mkimbiaji mzee huchanganya miguu karibu sawa na kijana, ila hatua zake ni fupi.

Basi mtu anaongezaje kasi huku moyo ukipunguza? Ni kwa sababu umri hushusha kikomo cha uwezo, lakini wengi wetu hatujawahi kukikaribia kikomo hicho. Mazoezi huongeza vishipa vidogo vya damu ndani ya misuli na kuifundisha itumie oksijeni vizuri, na mwili wa mzee bado huitikia. Kenneth Mungara wa Kenya alikuwa kinyozi kabla ya kuingia katika riadha akiwa mtu mzima. Mwaka 2015, akiwa na miaka 41, alishinda marathoni ya Gold Coast, Australia, kwa muda wa chini ya saa 2 na dakika 9.

Whitlock mwenyewe aliacha kukimbia ujanani, akarudi akiwa na miaka zaidi ya 40. Mazoezi yake hayakuwa na mapambo. Katika mji wa Milton alizunguka makaburini karibu na nyumbani kwake, polepole, saa 2 na baadaye hata saa 3 mfululizo, siku baada ya siku. Kasi aliipata kwa kushiriki mbio fupi za mashindano mara kwa mara. Goti lilipouma alipumzika, wakati mwingine kwa miezi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Moyo na mapafu hupata nguvu upesi, lakini kano zinazounganisha misuli na mifupa huchelewa, na baada ya miaka 50 huchelewa zaidi. Mtu hujiona yuko sawa, akaongeza umbali na kasi kwa pamoja. Dalili ya kwanza huwa asubuhi: hatua za mwanzo kutoka kitandani zinauma kisiginoni. Maumivu hayo yakizidi siku hadi siku, punguza mazoezi. Mkimbiaji mzee huhitaji pia siku zaidi za kupumzika baada ya zoezi la kasi, pamoja na mazoezi ya kunyanyua uzito ili kuchelewesha upotevu wa misuli.

Kwa kupima maendeleo, mashindano ya maveterani huanzia miaka 35 na kuwapanga watu kwa makundi ya miaka mitano. Yapo pia majedwali yanayolinganisha umri na muda. Kwa majedwali hayo, mbio za Whitlock za miaka 73 zilikaribia saa 2 na dakika 4 za kijana. Kwa hiyo mwenye miaka 60 akirudia muda wake wa mwaka jana, asijihesabu amesimama palepale: ameongeza kiwango.